Simu ya nje ina 4G lakini haipigi: kagua VoLTE na kupiga kwa Wi-Fi hatua kwa hatua

Simu imetoka Dubai au Marekani, kioo safi, betri nzima, intaneti ya 4G inakimbia na WhatsApp inapiga vizuri. Ukipiga namba ya kawaida, simu inakata baada ya sekunde mbili tatu bila kuita, au inaandika kwamba mtandao haupatikani. Wanaokupigia nao wanaambiwa hupatikani. Hapo wengi hukimbilia kubadilisha laini, kuflashi simu, hata kuifungua kutafuta antena iliyokatika. Mara nyingi hakuna kilichokatika. Simu haijaruhusiwa kupitisha sauti kwenye 4G, na mtandao ulioko hauna njia nyingine ya kuipitisha.

## Sauti inapita wapi

Mitandao ya 2G na 3G ilijengwa ikiwa na njia maalumu ya sauti. 4G haina njia hiyo. Yenyewe inabeba data tu. Kwa hiyo simu iliyo kwenye 4G ina namna mbili za kupiga. Ya kwanza ni kuiacha 4G kwa muda, kushuka kwenye 3G au 2G, kupiga, kisha kurudi juu ukishakata. Mafundi wa mitandao huiita CSFB. Ya pili ni VoLTE: sauti yako inageuzwa kuwa data na kupitishwa kwenye 4G yenyewe, ikisimamiwa na mtambo wa kampuni ya simu unaoitwa IMS. Kupiga kwa Wi-Fi kunatumia mtambo huohuo wa IMS, ila simu inaufikia kupitia intaneti ya nyumbani au ofisini badala ya mnara.

Kampuni kubwa za kwetu, kama Safaricom na Vodacom, zina minara ya zamani pamoja na ya 4G. Simu isiyo na VoLTE inashuka, inapiga, inarudi, na mwenyewe wala hajui. Dalili pekee ni alama ya 4G kugeuka H au E mara unapopiga, kuchelewa kwa sekunde kadhaa kabla ya kuanza kuita, na intaneti kuzorota au kusimama kabisa wakati unaongea. Ndiyo maana simu inaweza kutumika miaka miwili Dar es Salaam bila tatizo, kisha ikagoma siku inapowekewa laini ya mtandao usio na pa kushukia.

Kenya ina mtandao wa namna hiyo: Faiba, wa Jamii Telecommunications. Ulianza Desemba 2017 ukiwa wa 4G tu, kwenye masafa ya 700 MHz, yaani bendi 28. Hauna 2G wala 3G. Laini ya Faiba kwenye simu isiyo na VoLTE ni laini ya bando, basi. Marekani nako AT&T ilizima 3G Februari 2022, T-Mobile ikafuata katikati ya mwaka huohuo na Verizon mwisho wake. Australia ilimalizia na Telstra na Optus mwezi Oktoba 2024. Anayehamia huko na simu yake ya Kariakoo anakutana na ukuta uleule.

## Kwa nini simu nzima inanyimwa

Ili VoLTE ifanye kazi, mambo matatu lazima yakutane. Kampuni ya simu iwe na IMS na iwe imeiwasha kwa laini yako. Simu yenyewe iwe na uwezo, na simu janja nyingi za miaka ya karibuni zinao. Jambo la tatu ndilo linalowakwamisha wenye simu za nje: simu iwe na faili la mipangilio la kampuni yako.

Simu ikiwaka, inasoma namba iliyomo kwenye laini. Tarakimu tatu za mwanzo ni nchi, 639 kwa Kenya na 640 kwa Tanzania, na zinazofuata ni kampuni: 02 ya Kenya ni Safaricom, 04 ya Tanzania ni Vodacom. Simu inaitafuta namba hiyo kwenye orodha iliyowekwa na mtengenezaji. Ikiikuta, inafuata maelekezo: VoLTE iwashwe, Wi-Fi iruhusiwe, namba za dharura zipigwe hivi. Isipoikuta, inachukua mipangilio ya jumla, na humo VoLTE mara nyingi imezimwa. Hata kitufe cha kuiwasha hakionekani kwenye mipangilio, na ndiyo maana watu hukitafuta mpaka wakachoka.

Watengenezaji wana sababu ya kuwa wagumu. IMS ya kampuni moja haifanani kwa kila kitu na ya nyingine, na simu ya dharura isiyotoka ni suala la uhai wa mtu. Kwa hiyo kampuni na mtengenezaji hujaribu aina moja ya simu kwenye mtandao mmoja, wakiridhika wanaifungulia. Simu iliyotengenezwa kwa soko la Korea haijawahi kupitia jaribio hilo kwa mitandao ya Afrika Mashariki.

## Kagua kwa mpangilio huu

Fuata hatua hizi kwa zamu, kwa sababu ya mwanzo hugharimu dakika moja na hutatua visa vingi kuliko watu wanavyodhani.

1. Angalia kama simu imefungiwa kwenye 4G peke yake. Kuna mtindo wa kuingia `*#*#4636#*#*` na kuchagua `LTE only` ili bando likimbie. Simu isiyo na VoLTE ikifungiwa hivyo haiwezi kushuka, kwa hiyo haiwezi kupiga. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, rudisha chaguo lenye 4G, 3G na 2G kwa pamoja, kisha jaribu kupiga. Ikipiga, hukuwa na ugonjwa wowote.

2. Hakikisha laini na tundu lake. Laini ya zamani iliyotolewa enzi za 2G haiwezi kuingia IMS. Ibadilishe dukani kwa laini ya 4G, namba hubaki ileile. Kwenye simu za laini mbili za miaka ya nyuma, tundu moja tu ndilo lenye 4G na la pili ni la 2G. Laini inayohitaji VoLTE iwe kwenye tundu la kwanza, au ile uliyoichagua kuwa ya data.

3. Tafuta kitufe. Kwenye Android kiko ndani ya mipangilio ya laini, kikiitwa `VoLTE`, `4G Calling` au `VoLTE calls`. Kwenye iPhone fungua sehemu ya data ya simu, kisha chaguo za data, kisha `Voice & Data`. Kikiwepo, kiwashe, zima simu na uiwashe tena.

4. Iulize simu yenyewe. Kwenye Android nyingi, piga `*#*#4636#*#*`, fungua taarifa za simu, bonyeza nukta tatu za juu, chagua `IMS Service Status`. Mstari wa kwanza ndio unaobeba jibu. `Registered` maana yake simu imepokelewa na mtambo wa kampuni. `Not Registered` maana yake haijapokelewa, hata kama kitufe kinaonekana kimewashwa. Chini yake utaona `Voice over LTE` na `Voice over WiFi`, kila kimoja na `Available` au `Unavailable`. Samsung nyingi hazifungui ukurasa huu. Kwa hizo nenda hatua ya tano moja kwa moja.

5. Piga jaribio la kweli. Zima Wi-Fi, acha data ya simu ikiwa imewashwa, piga namba yoyote na utazame alama ya mtandao. Ikibaki 4G na simu ikaita ndani ya sekunde moja au mbili, VoLTE inafanya kazi. Ukitaka uhakika zaidi, hapa ndipo `LTE only` ina faida: iweke, piga, kisha irudishe. Simu ikiita ukiwa kwenye 4G peke yake, hakuna ubishi tena.

Kuna dalili moja inayowachanganya hata mafundi. Laini ya mtandao wa 4G tu inawekwa, alama ya 4G inatokea, inakaa kidogo, kisha inapotea na simu inaandika `Emergency calls only`. Mtu anasema minara ni mibovu. Kumbe simu nyingi zimepangwa kuutanguliza uwezo wa kupiga kuliko data: zikiona mtandao wa 4G hauzipi sauti, zinauacha na kwenda kutafuta 3G au 2G. Zikikuta za kampuni nyingine tu, zinakataliwa. Dalili hiyo, ukiiona kwenye simu ambayo laini nyingine inafanya kazi vizuri, inaelekeza kwenye VoLTE kabla ya kitu kingine chochote.

## Kila chapa na mlango wake

iPhone ndiyo rahisi kuielewa. Mipangilio ya kampuni zote inaletwa na Apple katika faili dogo linalosasishwa lenyewe. Fungua `General`, kisha `About`, subiri kama dakika moja ukiwa na intaneti, na kama kuna jipya utaulizwa. Hakuna njia ya pembeni. Kama Apple haijaiwekea kampuni yako VoLTE, kitufe hakitatokea, na hakuna fundi atakayekitoa. Faida yake ni kwamba nchi simu ilikouzwa haina uzito mkubwa hapa, mradi haijafungwa kwa kampuni ya huko.

Samsung inategemea kwanza herufi ya mwisho ya namba ya modeli. Chukua Galaxy S23 Ultra: `SM-S918B` ni ya kimataifa, `SM-S918U` imetoka kwa kampuni za Marekani, `SM-S918U1` ni ya Marekani isiyofungwa, `SM-S918N` ni ya Korea. Ya B ina mafurushi ya nchi nyingi ndani yake, na ukiweka laini ya hapa ina nafasi nzuri ya kuitambua. Ya U na ya N hazina. Watu hujaribu kuziwekea programu ya B. Mara nyingi haiingii, kwa sababu kila modeli inakubali programu yake. Anayekuahidi kuigeuza U iwe B kwa kuflashi anakuuzia hatari ya kupoteza data zote, na VoLTE haitakuja.

Xiaomi na Redmi zina siri inayosaidia sana. Kwenye modeli nyingi, ukipiga `*#*#86583#*#*` simu inaacha kukagua kama kampuni yako imo kwenye orodha, na ujumbe mfupi unatokea kwamba ukaguzi umezimwa. Rudi kwenye mipangilio ya laini, kitufe cha VoLTE kitakuwa kimejitokeza. Kwa Wi-Fi ni `*#*#869434#*#*`. Ukipiga msimbo mara ya pili, ukaguzi unawaka tena, kwa hiyo soma ujumbe, usibonyeze tu. Kumbuka hii inafungua mlango wa simu; mlango wa kampuni ukiwa umefungwa utabaki na `Not Registered`.

## Kisa kimoja: Pixel na laini ya Faiba

Google haiuzi Pixel rasmi Kenya wala Tanzania, lakini zimejaa madukani. Tuseme ni Pixel 7 kutoka Marekani, haijafungwa, imewekewa laini ya Faiba Nairobi.

Anza na masafa. Pixel 7 inashika bendi 28, kwa hiyo 4G itaonekana. Kama ingekuwa simu ya Marekani ya zamani yenye bendi 2, 4, 12 na 13 tu, habari ingeishia hapo, maana hakuna mpangilio unaoweza kuipa simu masafa isiyokuwa nayo. Data inafanya kazi, simu haipigi, kitufe cha VoLTE hakipo, na `IMS Service Status` inasema `Not Registered`. Ukiwa na kompyuta yenye adb, chombo cha kuiamuru Android kupitia waya, na `USB debugging` imewashwa ndani ya `Developer options`, tazama simu ilichosoma:

```
adb shell "dumpsys carrier_config | grep carrier_volte_available_bool"
```

Mstari huo unaweza kurudi mara kadhaa, kwa sababu simu inaonyesha mipangilio ya jumla na ya kampuni kwa pamoja. Ukiona `false` kila mahali, sababu umeipata: Google haijaiweka kampuni hii kwenye orodha yake.

Kwa Pixel 6 na kuendelea ipo njia isiyohitaji kuruti simu. Inatumia programu mbili, Shizuku na Pixel IMS.

1. Fungua `About phone`, gusa `Build number` mara saba ili `Developer options` itokee.
2. Ndani yake washa `Wireless debugging`, ukiwa kwenye Wi-Fi.
3. Sakinisha Shizuku, chagua kuiunganisha kwa njia ya wireless, ingiza msimbo wa tarakimu sita unaoonyeshwa na simu, kisha iwashe.
4. Sakinisha Pixel IMS, ikubalie ruhusa ya Shizuku, chagua laini yako, washa VoLTE.
5. Zima simu na uiwashe. Rudi kwenye `IMS Service Status`.

Ukiona `Registered`, piga. Ukiona bado `Not Registered` ilhali kitufe kimetokea, ipe dakika chache, zima na uwashe hali ya ndege, kisha kagua orodha ya APN, yaani mipangilio ya njia za data za kampuni. Kama kuna APN ya aina ya `ims`, hiyo ndiyo njia ya sauti. Aliyewahi kuifuta akidhani ni takataka airudishe kwa kuweka upya APN zote. Baada ya hapo, kilichobaki ni kampuni yenyewe. Piga huduma kwa wateja na uulize swali moja: je, VoLTE imewashwa kwenye namba hii, na aina hii ya simu inapokelewa?

Njia hii ina mipaka yake. Google imekuwa ikiibana kupitia masasisho ya usalama, kwa hiyo mpangilio unaweza kugoma au kufutika baada ya sasisho au hata baada ya kuzima simu, na itabidi uurudie. Pakua programu zote mbili kutoka kwa watengenezaji wake, kwa sababu Shizuku inapewa mamlaka makubwa ndani ya simu. Ukimaliza, zima `Developer options`. Baadhi ya programu za benki zinakataa kufunguka zikiiona imewashwa.

## Kupiga kwa Wi-Fi

Hapa masharti ni yaleyale matatu, na moja linaongezeka: ruta. Simu inachimba njia iliyofichwa kutoka kwenye Wi-Fi yako hadi kwenye lango la kampuni, ikitumia UDP kwenye milango ya 500 na 4500. Wi-Fi za ofisi, hoteli na vyuo mara nyingi hufunga milango hiyo, na hapo WhatsApp itapiga lakini kupiga kwa Wi-Fi kutagoma. Jaribu kwa kuomba mtu mwingine akurushie hotspoti; ikikubali, mwenye kosa ni ruta.

Jina la lango linafuata mpango mmoja dunia nzima, kwa hiyo unaweza kulitafuta kwa amri ya kompyuta. Kwa Vodacom Tanzania lingekuwa hivi:

```
nslookup epdg.epc.mnc004.mcc640.pub.3gppnetwork.org
```

Badilisha namba kwa kampuni yako. Ya kampuni lazima iandikwe kwa tarakimu tatu, ndiyo maana 04 imekuwa 004. Jibu likija na anwani ya IP, kampuni imeweka lango, ingawa laini yako inaweza kuwa haijaruhusiwa. Lisipokuja jibu, fanya jaribio ukiwa nchini kabla ya kukata tamaa, kwa kuwa kampuni nyingine hazijibu maswali yanayotoka nje.

## Kabla hujalipa au hujasafiri

Dukani, usiridhike na muuzaji kufungua YouTube. Weka laini yako mwenyewe, ile utakayoitumia, piga na upigiwe, ukitazama alama ya mtandao. Soma namba kamili ya modeli kwenye mipangilio, siyo kwenye boksi. Kama unanunua kwa ajili ya Faiba, hakuna jaribio lingine linaloweza kuchukua nafasi ya laini ya Faiba ndani ya simu hiyo.

Anayehamia Marekani aitafute simu yake kwenye orodha ya AT&T ya simu zinazokubaliwa, kwa namba ya modeli, kwa sababu huko simu yenye uwezo wote wa VoLTE bado hunyimwa sauti kama haimo. Kampuni nyingine hukagua kwa IMEI kwenye tovuti zao. Ipate kwa `*#06#`.

Australia ilileta funzo zito zaidi. Baadhi ya simu zilizonunuliwa nje zilipiga namba za kawaida kwa VoLTE bila tatizo, lakini zilipangwa kushuka kwenye 3G pale mtu anapopiga 000, namba yao ya dharura. 3G ilipozimwa, simu hizo zingekuwa zinaita kila mtu isipokuwa msaada. Serikali ikazitaka kampuni zizizuie kabisa. Hili huwezi kulipima mwenyewe kwa kupiga namba ya dharura, na usijaribu, maana unachukua nafasi ya mtu mwenye shida kweli. Peleka modeli na IMEI kwa kampuni ya simu na uulize waziwazi kama simu hii inapiga namba ya dharura kwa VoLTE kwenye mtandao wao.